Jinsi ya kuficha utambulisho wa wanafunzi na makundi madogo kabla taarifa haijaenda kwa mfadhili

Mfadhili ameomba taarifa ya muhtasari: wanafunzi wangapi wanasaidiwa katika kila shule, wangapi wameacha masomo mwaka huu, na kwa sababu zipi. Mtunza takwimu anafungua faili la Excel, anafuta safu ya majina, anatengeneza jedwali na kulituma. Ndani ya jedwali hilo kuna kisanduku kinachosomeka hivi: Shule A, mimba, 3. Majina hayamo, lakini mwalimu wa Shule A akisoma anawajua wote watatu. Jirani anayewajua wawili sasa ameambiwa kwamba yuko wa tatu, na kumtafuta si kazi ngumu. Taarifa kwa mfadhili haibaki kwa mfadhili: hutumwa kwa bodi, kwa wakaguzi, kwenye tovuti, na mara nyingi hurudi hadi ofisi ya shule ilikotoka.

Kazi ya kuzuia hilo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni orodha ya wanafunzi wenyewe, mstari kwa mstari. Ya pili ni majedwali yanayotokana na orodha hiyo. Watu wengi hufanya ya kwanza vizuri kiasi na kuiruka ya pili, ilhali mfadhili huyaona majedwali tu. Kwa hiyo tutapita haraka kidogo kwenye orodha na kukaa zaidi kwenye majedwali.

Hatua ya 1: Tengeneza nakala ya kazi

Usiguse faili la asili. Tengeneza nakala, ipe jina jipya, iweke kwenye folda ambayo wanaohusika tu wanaifikia. Katika nakala hiyo, ukishatoa misimbo ya hatua ya 2 inayohitaji majina, futa kabisa kila kinachomtaja mtoto moja kwa moja: jina lake, jina la mzazi au mlezi, namba ya simu, namba ya usajili wa shule, namba ya mtihani, picha, na mahali nyumba ilipo kwenye ramani. Kuficha safu hakutoshi, kwa sababu anayepokea faili anaweza kuifichua kwa kubofya mara moja. Ifute.

Safu ya maoni nayo ifutwe yote. Huko ndiko walimu huandika mambo kama "amehamia kwa bibi yake baada ya kesi ya baba", na hakuna njia ya haraka ya kuisafisha sentensi ya namna hiyo ikabaki salama. Kama kuna jambo ndani ya maoni ambalo taarifa inalihitaji, lipe safu yake yenye majibu machache yaliyopangwa, kisha maoni yenyewe yaondoke.

Hatua ya 2: Mpe kila mwanafunzi msimbo usiobahatishika

Utahitaji kumfuatilia mwanafunzi kutoka muhula hadi muhula, kwa hiyo badala ya jina weka msimbo. Makosa ya kawaida ni matatu. Msimbo wa herufi za mwanzo za jina na mwaka wa kuzaliwa unamtaja mtu nusu nzima. Msimbo uliotolewa wakati orodha imepangwa kwa alfabeti unaonyesha nafasi ya kila mtu, na mwenye orodha ya darasa atazilinganisha mbili hizo kwa dakika chache. Na msimbo uliopatikana kwa kuikokotoa namba ya usajili, hata kwa hesabu ngumu ya kompyuta, unaweza kufumbuliwa na mtu anayejaribu namba zote za usajili moja baada ya nyingine, maana namba za shule si nyingi kiasi cha kuishinda mashine.

Njia rahisi iliyo salama ni hii. Ongeza safu tupu, andika ndani yake `=RAND()` hadi mwisho wa orodha, nakili matokeo na uyabandike kama thamani pekee, bila fomula, kisha panga orodha nzima kwa kufuata safu hiyo. Sasa mpangilio ni wa kubahatisha. Wape namba kuanzia 1 hadi mwisho, ukitanguliza herufi yoyote, kwa mfano M0001. Fanya hivi kabla hujafuta majina, hamishia safu mbili tu, msimbo na jina, kwenye faili lingine lenye nywila, na faili hilo akae nalo mtu mmoja mbali na nakala ya kazi. Maadamu faili hilo la ufunguo lipo, orodha yako imefichwa majina tu. Bado haijawa orodha isiyo na wenyewe. Kwa sababu hiyo, hata hiyo yenye misimbo haitoki ofisini.

Hatua ya 3: Punguza ukali wa taarifa za pembeni

Mtu hutambulika kwa mchanganyiko wa mambo madogo. Katika miaka ya 1990 Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, alichukua takwimu za matibabu za jimbo la Massachusetts zilizokwisha kuondolewa majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge, na akaipata rekodi ya gavana William Weld. Alichohitaji ni tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta tu. Kwenye orodha za shule mambo hayo huwa ni tarehe ya kuzaliwa, jinsia, darasa, kijiji, aina ya ulemavu, lugha ya nyumbani na hali ya uyatima.

Kila kimoja kipunguze ukali kadiri taarifa inavyoruhusu. Tarehe ya kuzaliwa igeuze kuwa rika, kama 10–12 na 13–15. Kijiji kigeuze kuwa eneo kubwa zaidi la utawala. Tarehe ya kujiunga igeuze kuwa mwaka. Aina ya ulemavu, kama mfadhili hakuiomba waziwazi, igeuze kuwa ndiyo au hapana. Kisha pima kama mchanganyiko uliobaki bado unamwacha mtu peke yake. Tuseme orodha ina wanafunzi 1,240, jinsia iko safu ya B, rika safu ya C na shule safu ya D. Weka fomula hii kwenye mstari wa kwanza wa data na uivute hadi chini:

```
=COUNTIFS($B$2:$B$1241,B2,$C$2:$C$1241,C2,$D$2:$D$1241,D2)
```

Kila mstari sasa unaonyesha ni wanafunzi wangapi wanafanana kwa mambo hayo matatu, mwenye mstari akiwemo. Panga kuanzia ndogo. Ukikuta 1, huyo yuko peke yake, na jedwali lolote litakalotumia safu hizo tatu kwa pamoja litamtoa hadharani. Panua marika au unganisha maeneo, kisha pima tena. Ikiwa kuna kisanduku kisichojazwa katika safu hizo, fomula itatoa 0 kwenye mstari huo, kwa hiyo jaza "haijulikani" kabla hujaanza.

Hatua ya 4: Amua kikomo, na ukiamue mapema

Kikomo ni idadi ambayo chini yake namba haionyeshwi. Vinavyotumika sana ni 5 na 10. Kikomo cha 2 au 3 hakifai kwa sababu wenyewe waliomo ndani ya kundi wanajijua: kundi likiwa na wawili, kila mmoja akijitoa anabaki na mwenzake, likiwa na watatu, wawili wakizungumza wanampata wa tatu. Kwa mambo yanayoweza kumletea mtoto aibu au hatari, kama mimba, ulemavu, hali ya afya, ndoa za utotoni, kesi za nidhamu na ukatili, tunashauri 10. Kwa mambo ya kawaida, kama idadi ya waliopewa vitabu, 5 inatosha.

Kiamue kabla ya kuona majedwali, kiandike, na kitumie kwenye jedwali zima. Anayeamua baada ya kuona namba hujikuta akilegeza kikomo pale tu ambapo jedwali lingependeza zaidi, na hapo ndipo penye watoto wachache.

Kikomo kinawahusu pia waliobaki upande wa pili. Ukiandika kwamba wasichana 41 wa Shule C walifanya mtihani na 39 wamefaulu, umetangaza kwamba wawili wamefeli, ingawa namba zote mbili ulizoandika ni kubwa. Na 100% ni hatari kama 3 ilivyo: ukisema wote katika kundi fulani wameshindwa kulipa ada, umemsema kila mmoja wao bila kubakiza mtu.

Hatua ya 5: Ficha namba ndogo, kisha ficha zinazozifichua

Tuchukue mfano. Hawa ni wanafunzi wa mradi walioacha shule ndani ya mwaka mmoja, kwa shule na kwa sababu. Kikomo ni 10.

| Shule | Ada | Kuhama | Mimba | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| A | 14 | 12 | 3 | 29 |
| B | 22 | 11 | 13 | 46 |
| C | 17 | 15 | 12 | 44 |
| D | 12 | 19 | 11 | 42 |
| Jumla | 65 | 57 | 39 | 161 |

Kisanduku kilicho chini ya kikomo ni kimoja tu, mimba katika Shule A. Wengi hukiwekea nyota na kuona kazi imekwisha. Lakini msomaji anachukua jumla ya Shule A, 29, anatoa 14, anatoa 12, anapata 3. Nyota haijaficha chochote.

Kwa hiyo lazima kufichwe namba ya pili kwenye mstari wa Shule A. Tuseme umeficha kuhama, 12. Mstari umepona, ila safu haijapona: jumla ya mimba ni 39, ukitoa 13, 12 na 11 zinabaki 3. Inabidi kuficha namba nyingine kwenye safu ya mimba pia. Ukiificha 13 ya Shule B, mstari wa Shule B sasa una nyota moja tu, na 46 ukitoa 22 na 11 inarudisha 13. Ukishaipata 13, ile 3 inapatikana tena. Halikadhalika safu ya kuhama ina nyota moja tu. Mlango wa mwisho unafungwa kwa kuficha kuhama kwa Shule B, 11. Nyota nne zimeunda mstatili: mistari miwili, safu mbili, na kila mstari na kila safu iliyoguswa ina nyota mbili.

| Shule | Ada | Kuhama | Mimba | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| A | 14 | * | * | 29 |
| B | 22 | * | * | 46 |
| C | 17 | 15 | 12 | 44 |
| D | 12 | 19 | 11 | 42 |
| Jumla | 65 | 57 | 39 | 161 |

Kwa nini Shule B na safu ya kuhama? Kwa sababu tunataka kupoteza habari kidogo iwezekanavyo. Pembe tatu zilizoongezwa hapa zina wanafunzi 12, 13 na 11, jumla 36. Tungetumia Shule D na safu ya ada, zingekuwa 14, 11 na 12, jumla 37. Tungetumia Shule C na kuhama, jumla ingefika 39. Andika mistatili yote inayowezekana pembeni, jumlisha pembe zake, chagua ndogo. Kwa jedwali la ukubwa huu ni kazi ya dakika tano.

Usiishie hapo. Jiweke mahali pa mtu anayetaka kujua, ufumbue jedwali lako. Iite namba ya mimba Shule A kwa jina la x. Mstari wa Shule A unasema mimba na kuhama kwa pamoja ni 15, kwa hiyo kuhama ni 15 kutoa x. Safu ya mimba inasema nyota zake mbili ni 16, kwa hiyo Shule B ni 16 kutoa x. Kuhama kwa Shule B kunabaki 8 kujumlisha x. Hakuna kinachoweza kushuka chini ya sifuri, basi x inaweza kuwa namba yoyote kuanzia 0 hadi 15. Hilo ni pana vya kutosha. Kama mngekuta x iko kati ya 2 na 4 tu, mstatili huo haufai, tafuteni mwingine.

Hapa pana kosa ambalo hata watu makini hulifanya. Wanataka kuwa wakweli kwa mfadhili, kwa hiyo wanaweka "<10" pale palipo na namba ndogo na nyota pale palipofichwa kwa ajili ya kinga. Angalia kinachotokea. Msomaji sasa anajua kwamba x iko chini ya 10 na kwamba zile nyingine tatu zote ni 10 au zaidi. Kuhama Shule A ni 15 kutoa x, na lazima ifike 10, kwa hiyo x haizidi 5. Kuhama Shule B ni 8 kujumlisha x, na lazima ifike 10, kwa hiyo x haipungui 2. Nafasi 16 zimebaki 4: 2, 3, 4 au 5. Alama mbili tofauti zimefumbua karibu kila kitu. Tumia alama moja kwa zote, na chini ya jedwali andika maelezo ya namna hii:

"Nyota (*) ina maana kwamba namba imefichwa ili kulinda faragha ya wanafunzi: ama ni ndogo kuliko 10, au ingewezesha kukokotoa nyingine iliyo ndogo kuliko 10."

Ni kweli tupu, na haimwonyeshi mtu pa kuanzia.

Tuseme wazi pia kwamba mara nyingi nyota si dawa bora. Kabla ya kuanza kuchora mistatili, uliza kama mfadhili anahitaji shule na sababu kwenye jedwali moja. Kwa kawaida anataka kujua shule zipi zinapoteza wanafunzi, na kwa ujumla wanapotea kwa nini. Mpe majedwali mawili: la shule lenye 29, 46, 44 na 42, na la sababu lenye 65, 57 na 39. Hakuna nyota hata moja, hakuna kilichopotea katika maswali yake, na mimba za Shule A zimefichika kuliko zilivyokuwa kwenye jedwali la nyota. Njia nyingine ni kuunganisha makundi, kwa mfano kuziweka Shule A na B pamoja kama kanda moja. Hapo mimba ni 16 na kikomo kimepita. Nyota zibaki kwa jedwali ambalo mkataba na mfadhili unalidai hivyo hivyo lilivyo.

Jedwali likiwa na pande tatu au zaidi, tuseme shule, sababu, jinsia na rika kwa pamoja, au likiwa na jumla ndani ya jumla, usilifiche kwa mkono. Milango ya nyuma huwa mingi kuliko jicho linavyoweza kuifuatilia. Programu kama τ-ARGUS, au kifurushi cha sdcTable katika lugha ya R, zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Kama hamna mtu wa kuzitumia, punguzeni pande za jedwali hadi zibaki mbili.

Hatua ya 6: Rudi kwenye asilimia, wastani na maelezo

Ukishamaliza jedwali, soma taarifa nzima ukitafuta namba zilezile zikiwa zimevaa nguo nyingine. Kwenye aya ya uchambuzi mtu ameandika: "Katika Shule A, 10.3% ya walioacha shule ni kwa sababu ya mimba." Jumla ya Shule A ipo, 29. Zidisha 29 kwa 0.103 unapata 2.99. Watatu wamerudi. Kisanduku kikifichwa, asilimia yake inafichwa, pau yake kwenye chati inaondolewa, na sentensi inayokitaja inaandikwa upya.

Wastani una hila yake. Darasa la wanafunzi 11 lilipata wastani wa 54 muhula wa kwanza. Tuseme muhula wa pili aliongezwa mmoja aliyefanya mtihani uleule kwa kuchelewa, na wastani wa 12 ukawa 52. Makundi yote mawili yamepita kikomo. Lakini 11 mara 54 ni 594, na 12 mara 52 ni 624. Tofauti ni 30, na hiyo ndiyo alama ya yule mmoja. Kundi likibadilika kwa watu wachache kati ya taarifa mbili, usitoe wastani mpya wa kundi hilo, maana ule wa zamani umeshatoka. Toa wastani katika ngazi ya mradi mzima.

Hatua ya 7: Linganisha na taarifa zilizokwisha kutoka

Hesabu ya kutoa haiishii ndani ya taarifa moja. Taarifa ya robo ya kwanza ilisema mimba tangu mwaka uanze ni 24. Ya robo ya pili inasema 26. Zote mbili ziko juu ya kikomo, ila msomaji ameshajua kwamba katika miezi hiyo mitatu kulikuwa na wawili. Kwa mambo nyeti, toa namba mara moja kwa mwaka, au subiri hadi ongezeko lenyewe lifike kikomo.

Wafadhili wawili huleta tatizo lilelile kwa njia nyingine. Mmoja anafadhili shule zote nne na ameambiwa mimba 39. Wa pili anafadhili B, C na D tu na ameambiwa 36. Hakuna aliyepewa kisanduku cha Shule A, lakini taarifa hizo zikikutana, na wafadhili hukutana, 39 kutoa 36 ni 3. Ndiyo maana ni lazima kuwe na daftari moja la kila namba iliyotoka: tarehe, aliyepewa, jedwali lenyewe kama lilivyotumwa, na visanduku vilivyofichwa. Na kisanduku kilichofichwa kwenye taarifa moja kisionekane kwenye nyingine yoyote inayohusu kipindi hicho hicho. Daftari hilo libaki ndani ya ofisi, maana lina kila kitu mlichoficha.

Hatua ya 8: Safisha faili lenyewe

Jedwali linaweza kuwa safi na faili likawa limejaa. PivotTable ya Excel hubeba ndani yake nakala ya data iliyoizaa. Mpokeaji akibofya mara mbili kwenye namba, mistari ya wanafunzi waliohesabiwa inafunguka kwenye shiti mpya, hata kama shiti ya data ulikwisha kuifuta. Chati iliyonakiliwa kutoka Excel na kubandikwa kwenye Word inaweza kuja na kitabu kizima cha kazi ndani yake. Na kisanduku cheusi kilichochorwa juu ya namba kisha faili likageuzwa PDF hakifuti namba. Ukichagua maandishi hayo na kuyanakili, namba inatoka.

Usijaribu kulisafisha faili la kazi ukalituma hilohilo. Fungua faili jipya tupu. Bandika majedwali kwa `Paste Special` kisha `Values`, na chati zibandike kama picha. Nyota ziandike kwa mkono kwenye faili hili jipya, zisitoke kwenye fomula wala kwenye rangi nyeupe iliyofunika namba. Kisha pita `File` > `Info` > `Check for Issues` > `Inspect Document` uondoe shiti zilizofichwa, maoni na jina la mwandishi.

Mwisho mpe faili mtu ambaye hakulitengeneza, mwambie ajaribu kuifumbua kila nyota kwa muda wa nusu saa, akiwa na taarifa zote zilizopita mezani. Akiipata hata moja, rudini hatua ya 5.

Hadithi za mafanikio ziko kwenye taarifa hiyohiyo

Mtunza takwimu amemaliza, na kumbe kwenye ukurasa wa 9 mtu wa mawasiliano ameweka picha ya msichana mwenye sare ya Shule A na maelezo kwamba alirudi masomoni baada ya kujifungua. Amebadilishwa jina, lakini sare, shule, umri wake na darasa vipo. Kisanduku kilichofichwa kwa nyota nne kimefunguliwa kwa aya moja. Mwenye takwimu apewe rasimu nzima ya taarifa, na awe na mamlaka ya kuzuia aya. Hadithi ikibaki, isitaje shule, isitaje darasa, na picha iwe ya kitu kingine. Ridhaa ya mtoto na mlezi wake inahitajika hata hivyo, ila ridhaa yake haiwahusu wale wawili waliobaki kwenye kundi.

Mfadhili akidai orodha yenyewe

Mara nyingi anachotaka ni uhakika kwamba wanafunzi wapo kweli. Hilo linawezekana bila orodha kutoka. Mkubalieni aje, au atume mkaguzi, achague misimbo kwa kubahatisha, tuseme 30 kati ya 1,240, na mwenye faili la ufunguo amwonyeshe kumbukumbu za hao kwenye skrini ofisini, bila kunakili wala kupiga picha. Mkaguzi anaandika kwamba amewaona 30, wangapi wamekamilika na wangapi wana kasoro.

Akisema nyota zinamnyima hoja, mwulizeni anataka kufanya uamuzi gani kwa namba hiyo. Kama ni kupeleka mshauri Shule A, jambo hilo mnaweza kumweleza kama pendekezo la mradi bila idadi. Kama mkataba uliotiwa saini unataja mgawanyo ambao hamwezi kuutoa salama, ombeni kiambatisho cha taarifa kibadilishwe kwa maandishi, na kwenye mkataba unaofuata wekeni kifungu hiki tangu mwanzo: "Namba yoyote inayohusu wanafunzi chini ya 10 katika masuala ya afya, ulemavu, mimba, nidhamu au ukatili haitaonyeshwa, na namba nyingine zinaweza kufichwa ili kuilinda." Mfadhili akishakisaini, hamtalazimika kujitetea kila robo mwaka.